Ahadi za Ada na Mgomo wa Mhazini

Kwenye ukoo wetu mie ndiye mhazini wa sherehe. Sikugombea cheo hicho na hakuna aliyenipigia kura. Harusi ya mdogo wetu wa mwisho ilikosa mtu wa kukusanya michango, nikashika kazi kwa muda, na huo muda haujaisha mpaka leo. Kazini ni karani wa masjala, natunza mafaili ya watu. Nyumbani natunza ahadi zao. Najua nani huahidi laki mbili akatoa hamsini, nani hulipa siku ya sherehe yenyewe akiwa ameshapanga foleni ya chakula, na nani huzima simu akiona jina langu. Nimewaoza watoto wa binamu ambao hata sura zao sizikumbuki. Nimepeleka keki Mwananyamala kwa bajaji, nimeikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Kwa hiyo binti yetu alipopata barua ya chuo cha ng'ambo, sikuona tatizo. Nilikuwa na jeuri ya mtu aliyewekeza.

Barua ilikuwa nzuri sana. Chuo kilimkubali kusoma uhandisi wa maji, kikamsamehe sehemu kubwa ya ada. Aya ya kwanza ilimpongeza, ya pili ilimpongeza, ya tatu ikasema kwamba ili wampe hati ya kuombea viza lazima familia ionyeshe fedha za kulipia kilichobaki, pamoja na chakula na malazi ya mwaka wa kwanza, na ieleze nani atalipa miaka inayofuata. Kwa pesa yetu ilikuwa kama milioni ishirini. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Akiba yetu, tukijumlisha na kiwanja tulichokiuza Bunju kwa bei ya kutupa, ilifika milioni tisa.

"Kumi na moja," mume wangu akasema, akavua miwani. "Tutazitoa wapi kumi na moja?"

"Kwa ndugu," nikamjibu. "Si nimewachangia wote?"

Alinitazama kwa huruma. Nikadhani anaihurumia hali yetu.

Kikao tuliitisha Jumapili, nyumbani kwetu Tegeta, saa nane. Saa tisa na nusu watu walikuwa bado wanapiga simu kusema wamekwama kwenye foleni ya Bagamoyo Road, hata wale wanaokaa upande wa pili ambako foleni haipiti. Nilipika pilau. Huwezi kuita kikao cha ukoo wetu bila pilau. Utapata akidi ya watu wawili, na mmoja ni wewe.

Kaka yangu, anayekaa Mbezi Beach, alifika wa mwisho na akawa mwenyekiti. Hakuteuliwa yeye pia. Alikaa tu kwenye kochi kubwa, akakohoa, kikao kikaanza.

"Huyu mtoto," alisema akimwonyesha binti yangu aliyekuwa anagawa soda, "si wa mama yake. Ni wa ukoo mzima. Mie kama mjomba naanza. Andika milioni tano."

Nyumba ililipuka kwa makofi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Baada ya hapo ahadi zilipanda kama mnada. Mtu angeona aibu kusema elfu hamsini baada ya milioni tano. Wifi akaahidi milioni moja na nusu, na ndiye yule yule aliyenilipa mchango wa harusi iliyopita kwa vipande vinne, kimoja kikiwa ni kuku. Nikaandika yote. Tulipojumlisha, tulikuwa tumevuka lengo, na kaka akauliza kama ziada tuifungulie mfuko wa ukoo.

Likaundwa kundi la WhatsApp. Picha ya binti yangu ikawekwa, akiwa na sare ya kidato cha sita. Kila asubuhi watu waliamkia humo na maua na mikono ya kuomba. "Mungu ni mwema." "Tutafika." "Ukoo wenye umoja hauna maskini." Hiyo ya mwisho ilikuwa ya kaka.

Binti yangu, ambaye ni mtoto wa haraka, akapiga picha zile ahadi zote kwenye simu, akazituma chuoni.

Jibu lilikuja baada ya siku chache kutoka kwa mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mama huyo sijawahi kumwona, lakini ninamheshimu kuliko watu wengi niliowaona. Alishukuru kwa ujumbe mzuri wa familia. Akasema amefurahishwa sana na maua. Kisha akasema kwa upole kwamba hivyo si ushahidi wa fedha. Kila anayeahidi ajaze fomu ya mfadhili: jina lake, uhusiano wake na mwanafunzi, kiasi atakachotoa na kwa mwaka upi, na saini. Aambatishe taarifa yake ya benki ya miezi mitatu ya karibuni, yenye mhuri wa benki. Karatasi yoyote ya Kiswahili ije na tafsiri. Na tarehe ya mwisho ni mwisho wa mwezi.

Niliitafsiri barua ile neno kwa neno, nikaiweka kwenye kundi.

Kundi lile lililokuwa linawika toka alfajiri likanyamaza. Maua yakakauka siku hiyo hiyo. Kesho yake mtu mmoja akaandika, "Poleni na majukumu," akatoka. Mwingine akatuma tangazo la viwanja vya Kibaha. Nikaanza kupiga simu, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

"Statement?" wifi aliuliza. "Yaani hao wazungu wanataka kuona hela yangu inavyoingia na kutoka?"

"Ndiyo, wifi. Miezi mitatu tu."

"Wifi yangu, hata mume wangu hajawahi kuiona."

"Basi jaza fomu tu kwanza."

"Na saini?"

"Na saini."

"Nikishaweka saini si wanaweza kunishtaki?"

Nilimweleza kwamba hakuna polisi atakayevuka bahari kwa ajili ya milioni moja na nusu. Akasema atamuuliza mchungaji wake. Mchungaji inaelekea alikuwa safarini, maana jibu halikuja wiki ile wala iliyofuata.

Wengine walikuwa na sababu za kweli, na sitaki kuwaonea. Nusu ya ndugu zetu hawana benki. Pesa zao ziko kwenye simu, kwenye vikoba, kwenye kibubu, kwenye mbuzi walioko bara kwa bibi. Mbuzi hatoi statement. Lakini nilichogundua ni kwamba walioahidi kidogo ndio walioniuliza fomu inajazwaje. Walioahidi kwa mamilioni wao waliniuliza kama chuo hicho ni cha kweli.

Nikaenda kwa kaka mwenyewe. Nilipanda mpaka Mbezi Beach Jumamosi asubuhi na fomu yangu kwenye bahasha. Nyumba yake ina geti linalofunguka lenyewe, ingawa siku hiyo lilifunguliwa na mlinzi kwa mikono kwa sababu mota ilikuwa imeharibika. Mkewe aliniletea juisi ya embe. Kaka alisoma fomu yote kwa umakini wa jaji, akaomba kalamu, akaweka saini ndefu yenye mikia miwili.

"Umeona?" akasema. "Mie si mtu wa maneno."

"Ahsante kaka. Na statement?"

"Mtandao wa benki uko chini."

"Tangu lini?"

"Wiki hii yote. Hata meneja mwenyewe analalamika." Akainama karibu, akashusha sauti kama anayeniuzia dhahabu. "Lakini sikiliza, mdogo wangu. Kwa nini mnahangaika? Tukusanye hela za watu wote, tuziweke kwenye akaunti ya shemeji siku mbili tu. Benki inatoa barua ya salio. Siku ya tatu kila mtu anachukua chake. Wazungu wameona, nasi tumepumzika."

Nilikuwa nimemaliza juisi. Ningekuwa sijamaliza, labda ningekuwa na adabu zaidi.

"Kaka, statement si picha ya harusi. Inaonyesha tarehe. Watauliza kwa nini mwalimu aliyekuwa anaingiza mshahara tu ameamka Jumanne na milioni ishirini, na Alhamisi hana. Wakishauliza, huyu mtoto hawatampa hati, na ubalozini hatakanyaga. Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kutafuta kitu hicho hicho."

"Wewe unapenda sana mambo ya ofisini," akasema.

Nikarudi na fomu yenye saini nzuri na hakuna kingine. Jioni ile tulikaa mezani watu watatu, mie, mume wangu na binti, tukaitazama. Binti akasema anaweza kuahirisha mwaka, akafundishe tuisheni hapo mtaani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema ataenda dukani. Hapo ndipo hasira iliponipata. Kabla ya hapo nilikuwa natania tu.

"Mwandikie yule mama," nikamwambia. "Muulize hivi: kama ndugu hawana benki, lakini wakatoa pesa taslimu tukaziweka kwenye akaunti ya baba yako, tukaandika nani katoa nini na lini, kila mtu akaweka saini, atakubali? Usimfiche kitu. Mwambie huku kwetu ndivyo tunavyosomesha."

Akaandika. Yule mama akajibu kesho yake, na ningeweza kumpikia pilau. Ndiyo, alisema, anakubali, mradi fedha ziwe ni zawadi na si mkopo wa kurudishwa, amana zionekane kwenye taarifa ya benki, na kuwe na barua ya maelezo yenye orodha ya wachangiaji na saini zao, iliyothibitishwa na wakili. Fedha za mwaka wa kwanza lazima ziwepo. Za miaka inayofuata atapokea ahadi, lakini za maandishi, moja kwa kila mtu. Akatuongezea wiki mbili.

Kwa hiyo nikayagawa mambo mawili ambayo kwenye ukoo wetu hayajawahi kugawanywa: waliotoa na walioahidi.

Pesa za kwanza zilitoka nje ya ukoo. Jumuiya yetu ya kanisani, watu tunaosali pamoja kila wiki sebuleni kwa mmojawapo, walichanga bila hotuba, wakaniandikia barua yenye mhuri. Kisha nikaenda Mwananyamala kwa mzee mwenye duka la vitambaa. Ni Mwarabu wa hapa hapa, babu yake alifungua duka lile lile, nami nimenunua kwake vitambaa vya sare za harusi zote nilizozisimamia. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumwambia kwamba mwaka huu asinitegemee sana kwa biashara.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, bibie. Mbona uso umeukunja kama kitambaa cha mtumba?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anapima kanga ya mteja. Mteja alipoondoka akaingia nyuma, akatoka na bahasha.

"Ya mtoto. Milioni moja. Lakini jina langu usiandike popote."

"Mzee, ndiyo tatizo lenyewe. Chuo kinataka jina."

"Sadaka haitangazwi, mwanangu. Nikitangaza, malipo yangu nimeshayapata hapa hapa."

"Sitangazi. Naandika tu."

"Andika 'mja wa Mungu'."

"Watauliza mja gani, na ana uhusiano gani na mwanafunzi."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akafikiri kidogo, akavuta fomu. Kwenye sehemu ya uhusiano aliandika kwa herufi za polepole: rafiki wa familia. Akaweka saini.

"Mwanamke huyo wa ng'ambo asome," akasema. "Lakini kwenye hivyo vikao vyenu usiisome kwa sauti."

Sikuisoma. Na mpaka hapo ukoo wenye umoja ulikuwa haujatoa hata shilingi.

Sasa ninapaswa kueleza kwamba katika siku hizo hizo tulikuwa na send-off. Binti mkubwa wa kaka alikuwa anaolewa, na kwa kuwa sisi ni upande wa bibi harusi, sherehe ya kumuaga ilikuwa yetu. Kamati ilikutana kila Jumanne kwenye ukumbi mdogo wa nyuma ya baa moja Mwananyamala. Mhazini alikuwa nani? Mie, bila shaka. Na kazi ilikuwa inakwenda vizuri ajabu. Wifi, ambaye mchungaji wake alikuwa bado hajarudi, alikuwa ameshalipa laki tatu za send-off kwa mkupuo. Mtu wa viwanja vya Kibaha alilipa laki mbili. Tulikuwa na bajeti ya mapambo ambayo ingemlisha binti yangu muhula mzima, ikiwa ni pamoja na jina la bibi harusi kuandikwa kwa maua na barafu. Barafu, Dar es Salaam.

Sikupanga kusema chochote Jumanne ile. Nilisimama kusoma taarifa ya mapato kama kawaida. Nikafika kwenye jina la wifi, nikasoma laki tatu, amemaliza, watu wakampigia makofi, naye akainua mkono kama mgeni rasmi. Nikafunga faili.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba kuwasilisha taarifa nyingine fupi. Mhazini amegoma."

Watu walicheka.

"Sitanii. Kuanzia leo sipigi simu ya mtu, sipokei mchango, sifuati chenji. Mwenye ukumbi anataka malipo ya pili Ijumaa; mtampelekea wenyewe. Humu ndani kuna watu ishirini na kitu walioahidi kumsomesha mwanangu mbele ya pilau yangu. Waliotoa ni jumuiya ya kanisa na mtu mmoja ambaye si ndugu. Mtu akitoa alichoahidi, au akija akaniambia kweli kwamba hana na akaandika anachokiweza, narudi kazini. Milioni tano silazimishi. Hata elfu ishirini nachukua. Lakini awe na saini."

Kaka alisimama. "Hiki ni kikao cha send-off. Usichanganye mambo."

"Sichanganyi, kaka. Nimeyatenganisha. Hizi hapa funguo za kisanduku cha michango."

Nikaziweka mezani. Hakuna aliyezigusa. Wakatazamana, na nikaona kila mmoja akihesabu kichwani nani ataweza kumpigia simu mtu wa Kibaha. Muziki wa baa ukawa ndio unaoendesha kikao. Nilichukua mkoba nikatoka.

Watu waliniambia baadaye kwamba walijaribu. Wifi alichaguliwa kuwa kaimu mhazini, akapiga simu tatu, ya tatu wakatukanana. Alhamisi mwenye ukumbi aliwapa taarifa kwamba kuna kipaimara kinautaka ukumbi siku hiyo hiyo.

Alhamisi hiyo jioni bibi harusi mwenyewe alikuja Tegeta. Aliniamkia, akakaa jikoni kwenye kigoda, akaniangalia nikichambua mchele.

"Shangazi, mie hata hiyo barafu sikuitaka," akasema. "Ni ya mama. Nimewaambia waitoe, na matarumbeta. Hela yake wampe mdogo wangu."

"Hela ya kamati ni ya kamati, mwanangu. Waliochangia walichangia send-off. Nikiihamisha, nitakuwa mwizi mwenye sababu nzuri."

"Basi nitawaomba wao wenyewe."

Akawaomba, mmoja mmoja. Sijui aliwaambia nini. Bibi harusi ana nguvu ambayo mhazini hana; huwezi kumzimia simu mtu ambaye Jumamosi utakula kuku wake. Ijumaa asubuhi wakaanza kuja. Mwingine na elfu thelathini, mwingine na laki, mwingine na ombi la kusamehewa na saini ya kulipa mwakani. Wifi alikuja na laki tano. Hakuwa na milioni moja na nusu na hakuwahi kuwa nayo. Alisema, "Wifi, siku ile niliona kaka yako kasema tano, nikashindwa kujizuia." Nilimwelewa. Vigelegele vinapanda kichwani.

Kaka alikuja mwisho, usiku kidogo, bila gari. Alisema gari liko gereji. Mume wangu alimwamkia akaenda chumbani, maana ana akili. Kaka alikaa kwenye lile kochi kubwa, lakini ukingoni.

"Mdogo wangu, statement ninayo," akasema. "Mtandao wa benki ni mzima. Tatizo ni kilichomo."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Nyumba bado nadaiwa. Mkopo unakatwa kabla mshahara haujanigusa. Hilo gari haliko gereji." Alijifuta uso kwa kiganja. "Siku ile ulipoitisha kikao, wote mlikuwa mnaniangalia mie. Ningesema nini? Laki mbili? Mie?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza wiki tatu, mengine mazuri sana, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Hakuna hata moja lililofaa. Nikakumbuka kwamba huyu ndiye aliyenilipia mtihani wa ukarani, akiwa anauza magazeti.

"Una nini sasa hivi?" nikamuuliza.

"Milioni na laki mbili. Nimeuza friji ya baa ya nyumbani na vitu vingine. Mke wangu hajui kuhusu friji, anadhani inatengenezwa."

"Vitu vyako vyote viko gereji, kaka."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Akatoa ile statement mfukoni, nikamwambia airudishe. Pesa tungeziweka kwenye akaunti ya shemeji yake pamoja na za wengine, na chuo kisingehitaji kujua zaidi ya jina na kiasi. Nikaichana ile fomu ya milioni tano, nikampa nyingine. Aliandika milioni moja kwa mwaka, kidogo kidogo kila mwezi. Saini yake safari hii haikuwa na mikia.

Jumamosi alfajiri nikarudi kazini kwenye kamati, nikampelekea mwenye ukumbi malipo yake, na send-off ikafanyika ukumbi ule ule. Kipaimara kilipata ukumbi mwingine. Hakuna aliyeulizia barafu.

Wakili alituthibitishia karatasi zetu, akagonga mhuri mpaka mkono ukamuuma, akatulipisha kwa kila mhuri. Benki ikatoa statement. Mume wangu alitafsiri barua ya jumuiya, ikiwa ni pamoja na "Tumsifu Yesu Kristo" mwanzoni. Tulikuwa tumefika, tukizidi kwa kiasi cha nauli ya bajaji. Binti akavituma vyote.

Yule mama wa ng'ambo alirudi na swali moja tu. Kwenye safu ya uhusiano, alisema, ameona wanawake watano waliojiandika mama wa mwanafunzi: mama, mama mkubwa, na mama wadogo watatu. Je, mwanafunzi ana mama wangapi? Pia ameona babu sita. Angependa ufafanuzi.

Mume wangu aliandika ukurasa mzima kuhusu udugu wa Kiafrika. Nikaufuta, nikaandika mwenyewe: mama mzazi ni mmoja, ndiye mwandishi wa barua hii, wengine ni dada zake, babu ni wazee wa ukoo, na wote wamelipa. Hati ikaja wiki hiyo hiyo, na viza ikafuata.

Uwanja wa ndege tulikwenda msafara. Wale ambao hawakutoa hata senti walifika mapema zaidi, wamevaa vizuri zaidi, wakasimama mstari wa mbele kwenye picha. Mtu wa Kibaha alimshika binti yangu bega kama aliyemzaa. Picha ikawekwa kwenye kundi, na kundi likafufuka. "Tulisema tutafika!" Maua, mikono, maua. Kaka alikuwa nyuma, anabishana na mpima mizigo kuhusu kilo mbili za dagaa.

Sasa binti yuko mwaka wa pili. Anasema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno, na kwamba yule mama wa ofisini amestaafu, alimkumbatia siku ya mwisho, akamuuliza mama zake hawajambo. Ahadi za mwaka wa pili zimekuja kama ahadi zinavyokuja. Kaka hutuma kila mwezi, mara nyingine pungufu, ila huandika kiasi kilichobaki kabla sijauliza. Mzee wa duka alipeleka benki mwenyewe wala hakuniambia. Niliona kwenye statement. Wengine ninawapigia Jumamosi asubuhi, baada ya chai, kabla hawajaamka vizuri wakakumbuka kuzima simu.

Jumamosi iliyopita nilimpata wifi.

"Wifi, nilikuwa nakuwazia wewe!" akasema. "Yaani simu nimeishika mkononi."

"Najua, wifi. Shika tu hivyo hivyo, nakusomea namba ya akaunti."